Ghala la majibu: kampuni ya akili mnemba inavyoweza kuyatambua maandishi yake

Mwezi Mei 2023, mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas A&M–Commerce, huko Marekani, alichukua kazi za mwisho za wanafunzi wake, akazibandika ndani ya ChatGPT na kuiuliza kama ndiyo iliyoziandika. Programu ikakubali. Wanafunzi wakapelekewa ujumbe kwamba kazi hizo hazitapewa alama, na matokeo yao yakasimamishwa katika siku zilezile za mahafali. Baadaye chuo kilitangaza kwamba hakuna mwanafunzi aliyefelishwa wala aliyezuiwa kuhitimu kwa sababu hiyo, na kuna waliosafishwa kabisa.

Kosa la mwalimu yule lilikuwa la kiufundi, na mpaka leo linarudiwa na walimu, wahariri na maofisa wa ajira mahali pengi. Programu ya mazungumzo haikumbuki ilichomwandikia mtu mwingine jana. Ukiiuliza, inaunda jibu linaloelekea kufaa, na mara nyingi jibu linalofaa huwa ni kumkubalia anayeuliza. Ingeweza kukubali kwamba imeandika barua ya babu yako ya mwaka 1960.

Hata hivyo, kampuni inayoiendesha programu hiyo ina kitu ambacho programu yenyewe haina. Kila jibu hutoka kwenye seva za kampuni, na kampuni ikitaka inaweza kubaki na nakala, kama mwenye duka anavyobaki na karatasi ya pili katika kitabu cha risiti. Mtu akileta andiko na kuuliza limetoka wapi, kampuni haihitaji kuibembeleza programu ikumbuke. Inatafuta katika ghala la nakala zake na kuona kama kuna jibu linalofanana na andiko lile. Njia hii ni tofauti kabisa na kuuliza programu, na ni tofauti pia na zile tovuti zinazobandika asilimia juu ya kila andiko. Kwa kuwa maamuzi juu ya shahada na ajira za watu yanaweza kuegemea majibu ya namna hii, inafaa kujua linalofanyika ndani ya ghala, na jibu lake lina uzito kiasi gani.

Kwanza, ujue umeshika chombo gani

Karibu tovuti zote zinazojitangaza kwamba zinakagua maandishi ya akili mnemba hazina ghala lolote la majibu. Zinapima mtindo: maneno yanatabirika kiasi gani, sentensi zinapishana urefu namna gani, na kutokana na hapo zinakisia. Hata OpenAI, wenye ChatGPT, walipotoa kipimo chao cha bure Januari 2023, kilikuwa cha kukisia mtindo. Kwa hesabu zao wenyewe, katika maandishi ya Kiingereza waliyoyajaribu, kilinasa asilimia 26 tu ya yaliyoandikwa na mashine, na kiliwasingizia watu katika asilimia 9 ya maandishi yao halali. Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu ya udhaifu huo.

Chombo cha kukisia utakitambua kwa namna kinavyojibu. Mara nyingi kinatoa asilimia hata kwa andiko fupi, wala hakisemi andiko limetoka kampuni gani au lini. Jibu la ghala linapaswa kutaja kwamba sehemu fulani ya andiko inafanana na jibu lililotolewa na kampuni fulani katika kipindi fulani. Kama unachoonyeshwa ni namba peke yake, chukulia kuwa ni kisio. Unaweza pia kukijaribu mwenyewe: kipe maandishi unayojua kwa hakika yaliandikwa kabla ya tarehe 30 Novemba 2022, siku ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma. Tafuta insha za zamani, ripoti za ofisini, mihtasari ya vikao vya kijiji. Kama kinaziita za mashine, umeshapata kipimo cha kipimo chenyewe.

Ndani ya ghala

Wazo la ghala lilifanyiwa utafiti wa kina mwaka 2023 na Kalpesh Krishna na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst na kampuni ya Google. Walianza kwa kuonyesha jinsi vipimo vya mtindo vinavyovunjika. Walijenga programu waliyoiita DIPPER, ambayo kazi yake ni kuchukua aya nzima na kuiandika upya kwa maneno mengine bila kupoteza maana. Kipimo kimoja kilichosifika wakati huo, DetectGPT, kilikuwa kinanasa asilimia 70.3 ya maandishi ya mashine kabla ya kuandikwa upya. Baada ya DIPPER kupita, kilinasa asilimia 4.6 tu. Kisha wakajaribu ghala. Walihifadhi majibu milioni 15, wakaleta maandishi yaliyokwisha kugeuzwa na DIPPER, wakatafuta. Utafutaji ulitambua kati ya asilimia 80 na 97 ya maandishi hayo, kutegemea jaribio, huku ukiwasingizia watu mara 1 katika kila maandishi 100.

Sababu ya tofauti hiyo kubwa ni nyepesi kueleweka. Anayeandika upya anabadili mtindo, na mtindo ndio uliokuwa ukipimwa. Lakini habadili maana, kwa kuwa insha ya kilimo cha mahindi lazima ibaki insha ya kilimo cha mahindi. Ghala linatafuta maana.

Tuchukue mfano niliouandaa kwa ajili ya makala hii. Tuseme ghala la kampuni lina jibu hili:

"Wakulima wa nyanda za juu hupanda mahindi mara tu mvua za kwanza zinaponyesha, kwa sababu udongo huwa bado na joto na mbegu huota haraka. Anayechelewa kwa wiki mbili hupunguza mavuno yake, kwani mimea hukosa maji wakati wa kutoa mbelewele."

Na mhadhiri analeta aya hii kutoka kazi ya mwanafunzi:

"Katika maeneo ya miinuko, upandaji wa mahindi huanza pale mvua zinapoanza tu kunyesha. Wakati huo ardhi ina vuguvugu, hivyo punje hazichelewi kuchipua. Mkulima akikawia nusu mwezi atavuna kidogo, maana shamba litakuwa na kiu mahindi yanapochanua."

Msomaji yeyote anaona kuwa aya hizi ni ndugu. Hoja ni zilezile, kwa mpangilio uleule. Mashine inalionaje hilo?

Njia ya kwanza ni ya kuhesabu maneno. Inatumia kanuni ya zamani ya kutafuta nyaraka, iitwayo BM25, ambayo hutazama maneno gani yapo katika maandishi yote mawili na kuyapa uzito zaidi yale yaliyo adimu. Neno "mbelewele" likikutwa pande zote mbili lina uzito mkubwa. Neno "na" halina uzito wowote wa maana. Katika utafiti ule wa Kiingereza, hesabu hii ya maneno ilitosha kunasa sehemu kubwa ya maandishi yaliyogeuzwa. Sasa itumie kwa aya zetu. Maneno yanayofanana herufi kwa herufi ni sita tu: "mahindi", "mvua", "wakati", "wa", "na" na "tu". Matatu ya mwisho hayasaidii kitu. Kiswahili hubadilisha neno kwa viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo "wakulima" na "mkulima", "hupanda" na "upandaji", "zinaponyesha" na "kunyesha", "anayechelewa" na "hazichelewi", "mavuno" na "atavuna" vinahesabiwa kuwa maneno kumi yasiyohusiana, isipokuwa kama mjenzi wa ghala ameweka hatua ya kuvichambua viambishi kabla ya kuhesabu. Ghala lililojengwa kwa kuufikiria Kiingereza peke yake linaweza kuipita aya hii bila kuiona. Kwa msomaji wa Kiswahili hili si jambo dogo, maana matokeo mazuri yaliyopatikana kwa lugha moja hayahami yenyewe kwenda lugha nyingine.

Njia ya pili hugeuza kila andiko kuwa orodha ndefu ya namba, mara nyingi mamia, inayowakilisha maana yake. Programu inayofanya ugeuzaji huu imefunzwa kwa jozi nyingi za sentensi zenye maana moja, hata orodha zao zikaja kukaribiana. Kisha orodha ya andiko lililoletwa inalinganishwa na orodha zilizo ghalani, na kila ulinganisho unatoa alama ya ufanano. Kadiri alama inavyokaribia 1 ndivyo maana zinavyokaribiana. Kwa njia hii aya zetu mbili zinaweza kukaribiana sana ingawa zinashirikiana maneno machache, mradi programu iliyogeuza imefunzwa Kiswahili cha kutosha.

Baada ya hapo inabaki hatua moja ambayo watu wengi hawaioni, nayo ni kuweka kizingiti. Ghala halisemi "ndiyo" lenyewe. Kila andiko duniani lina jibu fulani ghalani linalolikaribia kuliko mengine, na kwa hiyo lina alama. Tuseme aya ya mwanafunzi imepata 0.84. Je, hiyo ni nyingi? Haijulikani mpaka kampuni ichukue maandishi mengi ambayo kwa hakika yameandikwa na watu, iyatafute ghalani yote, na kuona alama zake zinaangukia wapi. Ikikuta kwamba ni 1 tu kati ya 100 linalofika 0.80, inaweza kuweka kizingiti hapo na kusema kwamba lolote linalozidi linatiliwa shaka. Lakini maandishi hayo ya majaribio yakiwa ni habari za Kiingereza, kizingiti hicho hakikupimwa kwa insha za Kiswahili za mwaka wa pili wa chuo, na ile 1 katika 100 huwezi kuitegemea tena.

Hata ikitegemeka, ifanyie hesabu. Mhadhiri mwenye kazi 400, zote za wanafunzi waliojiandikia wenyewe, atarajie karibu kazi 4 kuonekana za mashine. Hao ni watu wanne wasio na kosa. Ghala linapokua, hatari hii huelekea kuongezeka, kwa kuwa kila jibu jipya linaloingia ni nafasi moja zaidi ya kufanana kwa bahati. Kampuni inayojibu mamilioni ya maswali kwa siku inapaswa kukipima kizingiti chake upya mara kwa mara.

"Ndiyo" inasema nini

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumizwa. Ghala likisema "ndiyo", limesema kwamba maneno kama haya yaliwahi kutoka kwenye seva za kampuni. Halijasema nani aliyeyatunga.

Fikiria mwanafunzi aliyeandika insha yake kwa mkono wake mwenyewe usiku kucha, kisha akaibandika katika programu na kuomba irekebishwe tahajia. Programu inamrudishia insha nzima, koma zikiwa mahali pake. Kilichorudishwa ni jibu la mashine, nalo linaingia ghalani kama majibu mengine. Akikusanya kazi na ikakaguliwa, ghala litaona ufanano unaokaribia 1. Kwa ghala, yeye na yule aliyeomba aandikiwe insha tangu mwanzo wanaonekana sawa. Kampuni inaweza kuwatenganisha ikiwa imehifadhi pia kile mtumiaji alichoingiza na kukilinganisha na jibu, lakini ghala la majibu peke yake halina uwezo huo. Vivyo hivyo kwa mwandishi aliyeomba hadithi yake ipangwe aya, au mfanyabiashara aliyeomba barua yake ipunguzwe.

Kuna la pili linalofanana na hilo, ila lina ubaya wa makusudi. Mtu anaweza kuchukua makala ya mwandishi mwingine, akaiambia programu iirudie neno kwa neno, na programu ikikubali, makala ile sasa ina nakala ghalani. Kesho mtu huyohuyo anaweza kumshtaki mwandishi kwamba kazi yake ni ya mashine, na ghala litamuunga mkono. Kinga dhidi ya hili ni tarehe. Kama makala ilichapishwa tarehe 2 Juni na nakala iliyo ghalani ni ya tarehe 20 Juni, makala ndiyo chanzo, basi. Jibu la ghala lisilotaja lini nakala ilitunzwa halifai kutumika dhidi ya mtu yeyote.

Urefu nao una neno lake. Watu elfu moja wakiulizwa mji mkuu wa Tanzania wataandika sentensi ileile, na programu itaandika hivyohivyo. Tafsiri za istilahi, kanuni za fizikia, anwani za barua rasmi, utangulizi wa ripoti, vyote hivi hufanana bila mtu kumwibia mwenzake. Krishna na wenzake waliona kuwa utafutaji unahitaji kipande chenye urefu wa kutosha, kuanzia takribani vipande 50 vya maneno, ili ufanye kazi vizuri. Kwa Kiswahili, ambapo neno moja hukatwa vipande kadhaa ndani ya mashine, mimi nisingekubali kumhoji mtu kwa ufanano wa chini ya aya moja kamili yenye hoja zake mwenyewe.

"Hapana" inasema nini

"Hapana" ni dhaifu zaidi ya "ndiyo". Ghala la kampuni moja halijui lolote kuhusu majibu ya kampuni nyingine. Aliyetumia Gemini hatapatikana katika ghala la ChatGPT. Pia zipo programu ambazo uzito wake umetolewa wazi, kama zile za familia ya Llama, ambazo mtu anaweza kuzipakua na kuziendesha katika kompyuta yake mwenyewe. Jibu lililozaliwa humo halikupita kwenye seva ya kampuni yoyote, kwa hiyo hakuna ghala litakalolijua.

Ndani ya kampuni yenyewe ghala huwa na matundu. OpenAI kwa kawaida hufuta ndani ya siku 30 mazungumzo ambayo mtumiaji ameyafuta, na wako wateja wa kibiashara wenye mikataba isiyoruhusu majibu yao kutunzwa. Mwezi Mei 2025 mahakama ya shirikisho jijini New York, katika shauri lililofunguliwa na gazeti la New York Times, iliiamuru kampuni hiyo kutunza majibu ambayo yangefutwa, na wajibu huo wa kuendelea kutunza ulikoma mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba kinachobaki ghalani kinategemea mikataba, sheria na mahakama. Andiko la mwezi mmoja linaweza kuwa na nakala, na la mwezi unaofuata lisiwe nayo.

Na anayetaka kukwepa ana njia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walionyesha, mwaka 2023, kwamba andiko likiandikwa upya si mara moja bali mara kadhaa mfululizo, hadi mara tano, utambuzi wa ghala hushuka sana. Kila mzunguko unaisogeza maana kidogo, na mwisho wake andiko limetoka nje ya kizingiti. Kwetu kuna njia fupi zaidi: mtu anauliza kwa Kiingereza, anapewa jibu la Kiingereza, kisha analitafsiri mwenyewe au kwa programu ya kampuni nyingine. Hesabu ya maneno hapo haina cha kushika, kwa kuwa karibu hakuna neno linalofanana. Ulinganisho wa maana unaweza kushika ikiwa tu programu inayogeuza maandishi kuwa namba inaziweka lugha zote mbili katika uwanja mmoja. Kwa hiyo mwalimu wa Morogoro au Eldoret anayepewa "hapana" asiichukue kuwa cheti cha usafi.

Siri zilizomo

Ghala la majibu ni ghala la maisha ya watu. Humo kuna waliouliza juu ya ujauzito, deni, ndoa na kesi zao. Ukimfungulia kila mtu dirisha la kutafuta, utakuwa umempa mume mwenye wivu chombo cha kubandika barua ya mkewe na kujua kama aliitunga kwa msaada wa programu. Atakayebahatisha sentensi nyingi kwa zamu anaweza hata kujua mambo gani yameulizwa. Ndiyo maana watafiti waliopendekeza ghala walitaka dirisha lijibu "ndiyo" au "hapana" pekee bila kuonyesha jibu lililohifadhiwa, na lizuie mtu mmoja kutafuta mara nyingi mno kwa muda mfupi. Hapa kuna mvutano ambao siuoni ukimalizika kwa urahisi. Mtuhumiwa anahitaji maelezo, yaani tarehe, sehemu iliyofanana na alama, ili ajitetee. Mwenye mazungumzo yale, ambaye huenda si mtuhumiwa, anahitaji yasionekane. Kwa maoni yangu, maelezo ya tarehe na sehemu iliyofanana hayana budi kutolewa, lakini yatolewe kwa chombo rasmi cha nidhamu na kwa mtuhumiwa mwenyewe, yasitolewe kwa kila mwenye simu.

Sheria nazo zina la kusema. Nchini Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo lenye athari kubwa kwake na mashine peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inatoa kinga dhidi ya maamuzi ya mashine pekee. Mwanafunzi au mwombaji kazi aliyekataliwa kwa sababu programu imesema "ndiyo", bila mtu kuikagua kazi yake, ana pa kuanzia malalamiko.

Kesi moja mpaka mwisho

Tuseme basi kampuni fulani imefungua dirisha la namna hii kwa vyuo, na mhadhiri amepeleka insha ya kilimo cha mahindi yenye maneno 1,200. Jibu linarudi hivi: aya mbili, zenye maneno 180 kwa jumla, zimezidi kizingiti, jibu linalofanana nazo lilitunzwa tarehe 14 Machi. Insha ilikusanywa tarehe 18.

Mhadhiri mwenye haraka ataandika "ya mashine" na kuendelea. Hapaswi. Maneno 180 katika 1,200 ni chini ya moja ya sita ya insha, na aya zilizobaki hazikuguswa. Kwanza azisome zile aya mbili. Kama ni maelezo ya jumla yanayopatikana katika kila kitabu cha kiada, ufanano hauna maana kubwa. Kama zina hoja za pekee, mfano usio wa kawaida au kosa la aina yake ambalo lipo pande zote mbili, hapo kuna la kuuliza. Kosa linalofanana ni ushahidi mzito kuliko usahihi unaofanana, kwa sababu watu wengi hufika kwenye jambo sahihi kila mmoja kwa njia yake.

Kisha amwite mwanafunzi na kumwomba rasimu. Programu za kuandikia kama Google Docs hutunza historia ya mabadiliko pamoja na saa zake. Historia ikionyesha kwamba aya zile mbili zilikuwepo tangu tarehe 9 Machi, zikiwa na sentensi zilezile na makosa ya tahajia, basi nakala ya tarehe 14 ni marekebisho ya kazi yake mwenyewe. Swali linalobaki ni kama kanuni za kozi ziliruhusu kutumia programu kurekebisha lugha, na hilo si swali la udanganyifu wa uandishi. Historia ikionyesha kwamba aya zote mbili ziliingia kwa mkupuo mmoja tarehe 14 jioni, zikiwa zimekamilika, mwanafunzi anapaswa kueleza zilikotoka. Anaweza kuwa aliziandika kwenye daftari. Amuulize maudhui: kwa nini kuchelewa wiki mbili kunapunguza mavuno, na hilo linahusianaje na kuchanua? Aliyeiandika hoja huwa anaweza kuizungumza, hata kwa kusitasita.

Mwanafunzi naye ana la kufanya kabla hajaitwa. Aandike katika programu inayotunza historia ya mabadiliko, au ahifadhi rasimu zake kwa tarehe tofauti. Akitumia programu ya akili mnemba kurekebisha lugha, asiyafute mazungumzo hayo mpaka matokeo yatoke, kwa sababu mazungumzo yale yanaonyesha alichoingiza yeye na kilichorudishwa, na hicho ndicho kitu ambacho ghala la majibu haliwezi kukionyesha kwa niaba yake. Ndani ya ChatGPT, sehemu ya mipangilio ina uwezo wa kupakua nakala ya data zake zote. Nakala hiyo ikishatua kwenye kompyuta yake, hata akaunti ikifungwa, bado atakuwa na kitu cha kuweka mezani mbele ya kamati.